Kwa nini bima ya afya inakuhoji kabla ya kusaini na kukuchangisha baada ya kusaini

Swali: "Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, miaka 38, nina mke na watoto wawili. Sijawahi kuwa na bima ya afya, sasa nataka kukata ya kwanza. Wakala ameniletea fomu ina maswali kurasa tatu: presha, sukari, nililazwa lini, hata wazazi wangu wanaumwa nini. Uzazi nisubiri miezi kumi. Halafu kila nikienda hospitali nachangia asilimia 20. Mimi ndiye ninayelipa, mbona masharti yote yananibana mimi? Na kuna mwenzangu ananiambia nisubiri nione dalili za ugonjwa ndipo nikate. Ubaya wake uko wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na ushauri wa mwenzako, maana humo ndimo lilimo jibu la karibu kila sharti lililokukera. Kwa hesabu ya mfuko wake peke yake hajakosea. Kama ungeweza kulipa ada siku unayoanza kuumwa na kuacha siku unayopona, hakuna sababu ya kulipa siku nyingine yoyote. Shida ni kwamba hesabu hiyo kila mtu anaijua. Bima inasimama kwa sababu watu wengi wanalipa bila kujua nani kati yao ataumwa mwaka huu. Wakishajua, na wakaachiwa waingie na kutoka wapendavyo, wanaobaki ndani ni wagonjwa watupu, na hapo hakuna tena wa kumbebea mwenzake mzigo.

Tuipige kwa tarakimu. Nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini zinaenda jinsi mambo yanavyokwenda kwenye biashara hii. Chukua familia 100. Familia 50 zina afya njema, na matibabu yao kwa mwaka yanakuwa kama shilingi 100,000 kila moja. Familia 30 zina mambo ya hapa na pale, mtoto mwenye pumu, mama mwenye vidonda vya tumbo: 300,000 kila moja. Zilizobaki 20 zina mgonjwa wa kisukari, presha au figo, au zinatarajia mtoto: 1,200,000 kila moja. Jumla ni milioni 5, milioni 9 na milioni 24, yaani milioni 38. Gawanya kwa 100 unapata 380,000. Ongeza 70,000 ya kuendesha ofisi, kulipa mawakala na kuweka akiba ya mwaka mbaya, ada inakuwa 450,000 kwa kila familia.

Sasa mwenye afya njema anaitazama hiyo 450,000. Anajua matumizi yake ni kama 100,000. Yuko tayari kulipa zaidi ya hapo ili asilale na hofu ya ajali au upasuaji wa ghafla, tuseme mpaka 250,000. Ada ya 450,000 inamshinda, anaondoka, na wenzake 49 wanafanya vivyo hivyo. Wamebaki 50 wenye matumizi ya milioni 33. Gawanya, ongeza 70,000, ada mpya ni 730,000. Wale 30 wa katikati walikuwa radhi kufika labda 600,000. Nao wanaondoka. Wanabaki 20, ada inafika 1,270,000, na kila mmoja wao analipa bima zaidi ya ambavyo angelipa hospitali mwenyewe. Bima hiyo imekufa.

Angalia vizuri kilichotokea: hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba. Kila familia ilifanya uamuzi wa busara kwa upande wake, na mwisho wote 100 hawana bima, hata wale 50 ambao wangelipa 250,000 kwa furaha. Sumu ilikuwa moja tu. Mnunuzi alijua hali ya afya yake, muuzaji hakuijua, kwa hiyo aliwatoza wote bei ya wastani, na bei ya wastani huwafukuza wazima na kuwavuta wagonjwa.

Tanzania tumeliona jambo hili kwa macho. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulikuwa na Toto Afya Kadi: mzazi analipa Sh 50,400 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 anatibiwa. Kwa mzazi mwenye mtoto wa siko seli au tundu kwenye moyo, kadi ile ilikuwa ukombozi, na alikimbia kuichukua. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anapata mafua mara mbili kwa mwaka, 50,400 ilikuwa hela ya kusubiri. Basi waliosajiliwa wakawa kwa wingi ni watoto ambao tayari wanaumwa, na michango ikashindwa kabisa kuyafikia matumizi. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule au pamoja na familia nzima. Iliwaumiza wazazi wengi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa sababu aliyefungiwa mlango ni yule aliyekuwa anauhitaji kuliko wote. Lakini ona kwa nini shule ilichaguliwa. Mtoto yuko darasa la tatu kwa sababu ya umri wake, ugonjwa wake hauhusiki. Ukisajili darasa zima, unapata wazima na wagonjwa katika uwiano wao wa kawaida, na ule mlolongo wa familia 100 hauanzi.

Ukishaliona hilo, utaelewa mambo mengi yanayoonekana kama urasimu. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa inachukua kaya nzima, watu wasiozidi 6 kwa Sh 30,000 kwa mwaka, ili mtu asimkatie bibi mgonjwa peke yake na kuwaacha vijana. Mwajiriwa wa serikali hukatwa mchango wa NHIF kwenye mshahara atake asitake. Kenya, tangu Oktoba 2024, mfuko wao mpya unakata asilimia 2.75 ya mshahara kwa lazima, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, ili asilipe mwezi wa kuugua tu. Na wakala akikwambia kampuni yenye wafanyakazi 30 inapata bima bila fomu ndefu, hajakudharau. Wale 30 waliingia kazini kwa ajili ya kazi. Wewe unakuja peke yako, kwa hiari yako, na swali la kwanza la muuzaji ni hili: kwa nini mtu huyu anakuja leo?

Fomu ya kurasa tatu ni njia yake ya kulijibu swali hilo. Kipindi cha kusubiri ni njia ya pili, kwa yale ambayo fomu haiwezi kuyanasa. Chukua uzazi. Tuseme ada ya wewe na mkeo ni 900,000, na kujifungua kwa upasuaji katika hospitali mnayoipenda ni milioni 2. Kama hakuna kusubiri, mtu anakata bima ujauzito ukiwa na miezi 8, anajifungua, mwaka unaofuata halipi. Mfuko umepokea 900,000 na kutoa milioni 2, na tofauti hiyo italipwa na wenzake kwenye ada ya mwakani. Ndiyo maana kusubiri kwa uzazi huwa miezi 9 hadi 12: kunavuka urefu wa ujauzito, basi anayeingia leo hawezi kuwa ameingia kwa ajili ya mtoto aliyekwishatungwa. Miezi kumi uliyopewa imo ndani ya kawaida. Magonjwa ya kawaida mara nyingi husubiri kama siku 30, na magonjwa sugu uliyokuwa nayo kabla yanaweza kusubiri miezi 6 hadi 12 au zaidi. Ajali hulipwa tangu siku ya kwanza, au inapaswa kuwa hivyo, maana hakuna anayejua Jumatatu kwamba Alhamisi atagongwa na bodaboda.

Hicho kipengele cha ajali ni kipimo kizuri cha kushika mkononi unaposoma mkataba. Kwa kila sharti la kusubiri, jiulize: je, ningeweza kulijua hili kabla ya kukata bima? Kama jibu ni ndiyo, sharti lina sababu hata kama linauma. Kama jibu ni hapana, mfano kusubiri siku 90 kwa mfupa uliovunjika, muuzaji anapunguza tu anachokuuzia bila kupunguza bei, na una haki ya kumwambia hivyo au kwenda kwa mwingine.

Sasa fomu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo bima ya kwanza ya watu wengi inapoharibika, na inaharibika siku ya kwanza ingawa mwenyewe atajua baada ya mwaka. Wakala analipwa kamisheni mkataba ukipita. Akiona presha yako itachelewesha mambo, anaweza kukwambia, "Hapo andika hapana tu, hawaangalii." Siku ya kukata kweli hawaangalii. Wanaangalia siku ya dai kubwa. Mtu anapooza upande mmoja mwezi wa 14, analazwa, bili inafika milioni 6. Kampuni inaomba faili la hospitali. Daktari wa zamu ameandika, kama inavyotakiwa, "mgonjwa wa presha kwa miaka 4, anatumia amlodipini miligramu 5." Fomu inasema hapana. Dai linakataliwa, na mkataba wote unaweza kufutwa pamoja na wa mke na watoto. Ada iliyolipwa miezi 14 haikununua chochote. Mtu huyo alikuwa na bima ya karatasi tangu mwanzo.

Kwa hiyo jaza fomu ukiwa na kadi za kliniki mezani, usijaze kwa kumbukumbu. Palipoulizwa ugonjwa, andika jina lake, mwaka ulipogundulika, dawa na kipimo chake, na vipimo vya mwisho pamoja na tarehe. Ukiandika "presha, 2021, amlodipini miligramu 5 kila siku, mara ya mwisho 134 kwa 86, kliniki ya mwezi wa tano", anayekagua anaona mgonjwa anayejitunza, na huyo ana gharama ndogo kuliko yule aliyeandika "presha kidogo". Jibu fupi la kuficha humfanya akadirie mabaya zaidi. Usichokijua andika kwamba hukijui. Wakala akikujazia, soma kila mstari kabla ya saini, kwa sababu kisheria majibu ni yako hata kama mwandiko ni wake. Piga picha kila ukurasa baada ya kusaini, pamoja na tarehe, na uziweke mahali ambapo mkeo anaweza kuzipata wewe ukiwa umelazwa.

Baada ya hapo yanaweza kuja majibu ya aina nne: unakubaliwa kwa ada ya kawaida, unakubaliwa kwa ada ya juu, unakubaliwa lakini ugonjwa fulani unaachwa nje, au unaambiwa urudi baada ya muda. Omba jibu hilo kwa maandishi. Kuachwa nje kwa presha kunahitaji swali moja la ziada: wanaacha dawa na kliniki za presha tu, au pia kiharusi, moyo na figo vinavyoweza kuletwa na presha? Tofauti ya hizo mbili ni mamilioni, na maneno kwenye mkataba yanaweza kuwa mstari mmoja. Bima inayoacha nje presha "na matatizo yote yatokanayo" kwa mtu mwenye presha imebakiza malaria na ajali.

Hayo yote ni ya kabla ya kusaini. Uchangiaji wa asilimia 20 unatokana na jambo jingine kabisa, linaloanza baada ya kusaini: mtu akishajua mwingine atalipa, mwenendo wake unabadilika. Kwenye gari ni rahisi kuliona. Mwenye bima kubwa anaanza kulaza gari nje ya geti usiku ambapo zamani angelipia maegesho ya mlinzi. Kwenye afya watu hawajiuguzi makusudi, na hakuna anayeacha chandarua eti kwa sababu ana kadi. Kinachobadilika ni matumizi. Mafua ambayo zamani yalikwisha kwa tangawizi na kupumzika sasa yanapelekwa hospitali ya rufaa. Kichwa kikiuma, picha kubwa inaombwa. Na hospitali nayo ina mkono wake: mapokezi wanauliza kwanza, "Unatumia kadi au kesh?", na kuna mahali jibu la swali hilo hubadilisha idadi ya vipimo. Mgonjwa wa kesh angeuliza bei. Mwenye kadi haulizi, na daktari hana sababu ya kujizuia.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa vizuri sana. Kati ya mwaka 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani ilizigawia familia bima za aina mbalimbali kwa bahati nasibu. Nyingine zilitibiwa bure, nyingine zikichangia asilimia 25, 50 au hata 95 ya gharama, zote zikiwa na kikomo cha mwaka ambacho familia haikuvuka. Bahati nasibu ndiyo iliyolipatia jaribio hilo thamani. Kama familia zingechagua zenyewe, wagonjwa wangekimbilia ya bure, na usingejua kama wanatumia zaidi kwa sababu wanaumwa au kwa sababu ni bure. Waliochangia asilimia 95 walitumia huduma kwa takribani asilimia 30 pungufu ya waliotibiwa bure. Kwa mtu wa kawaida, afya haikutofautiana. Lakini watu wa kipato cha chini waliokuwa na presha walikuwa na hali nzuri zaidi pale walipotibiwa bure. Na jambo ambalo wauza bima hawapendi kulitaja: waliochangia walipunguza huduma zisizo na maana na zenye maana kwa pamoja. Mgonjwa hajui kuchambua. Akiona anatakiwa kutoa hela, anaacha vyote viwili.

Kwa hiyo uchangiaji una sababu ya haki na una madhara ya kweli, na kazi yako ni kuangalia umewekwa wapi. Kipimo chake ni kama kile cha kwanza: je, ningelitumia hili zaidi kwa sababu tu ni bure? Kumwona daktari kwa kikohozi, ndiyo, basi mchango mdogo una maana. Mguu uliovunjika, hapana, hakuna anayeongeza mivunjiko kwa sababu ni bure. Asilimia 20 kwenye kulazwa na upasuaji inakutwisha mzigo ule ule uliokuja kuukimbia. Dawa za kila siku za presha na sukari, hapana, na hapo mchango unadhuru: mtu anaruka mwezi mmoja wa dawa kuokoa 8,000, halafu mfuko unalipa kiharusi. Chanjo na kliniki ya wajawazito vivyo hivyo. Kwa hiyo muulize wakala wako: asilimia 20 hiyo ni kwa wagonjwa wa nje tu, au na kulazwa? Dawa za ugonjwa sugu zimo? Na ina kikomo cha mwaka?

Swali la kikomo ndilo zito kuliko yote. Tuseme umeletewa bima mbili. Ya kwanza ada yake ni 1,400,000 na huchangii chochote. Ya pili ni 1,050,000, unachangia asilimia 20 mpaka mchango wako wa mwaka ufike 300,000, kisha wanalipa wao chote. Mwaka mzuri, matibabu ya 400,000, ya pili inakugharimu 1,050,000 na 80,000, jumla 1,130,000. Mwaka mbaya kabisa, bili ya milioni 8, inakugharimu 1,350,000. Hata katika mwaka mbaya ya pili ni nafuu kuliko ya kwanza. Unaweza kujiuliza nani basi ananunua ya kwanza, na kwa nini ni ghali hivyo. Wanaoichagua ni wale wanaojua watakwenda hospitali mara nyingi, na wakishaipata wanakwenda mara nyingi zaidi kwa sababu ni bure. Shida ya kabla ya kusaini na ya baada ya kusaini zimo zote mbili ndani ya 350,000 ile ya ziada.

Lakini ondoa kikomo cha 300,000, na ya pili inageuka mtego. Bili ya milioni 8 kwa asilimia 20 ni 1,600,000 kutoka mfukoni mwako, juu ya ada. Maneno "unachangia asilimia 20" ni yale yale kwenye karatasi zote mbili, kwa hiyo usiridhike na maneno ya mdomo. Tafuta mstari unaotaja kiasi cha juu kabisa utakachochangia kwa mwaka. Usipokuwepo, hesabu kwamba kikomo hakipo. Kwa mwenye duka kama wewe, ambaye 80,000 haikutikisi lakini 1,600,000 ingekula mtaji wa mabati na saruji, bima ya kubeba madogo mwenyewe na kuachia makubwa mfuko ndiyo inayokufaa.

Geuza swali hilo hilo upande wa kampuni: wao nao wana kikomo chao. Mkataba unaweza kusema wagonjwa wa nje ni 600,000 kwa familia kwa mwaka, kulazwa milioni 10. Hicho kidogo cha wagonjwa wa nje ni breki nyingine dhidi ya matumizi ya kupita kiasi, na hapo ndipo vipimo visivyo vya lazima vinapokuumiza wewe binafsi. Familia inatibiwa mafua ya Machi kwa 90,000, Mei homa ya mtoto na vipimo sita kwa 140,000, na mengine kama hayo mpaka 600,000 inakwisha, na Agosti kadi inagoma dirishani wakati mtoto ana nimonia. Muulize daktari kila kipimo kitabadilisha nini kwenye matibabu. Usisaini fomu ya madai iliyo tupu au yenye dawa ambazo hujapewa. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya matumizi yako. Ukikuta huduma ambayo hamkuipata, toa taarifa siku hiyo, maana ikikaa kwenye rekodi yako inaweza hata kuhesabiwa dhidi yako wakati wa kuhuisha. Na kadi isimtibie binamu. Mbali na kuwa ni udanganyifu wa kukufutia mkataba, ugonjwa wa binamu unaandikwa kwenye faili lako kama ugonjwa wako.

Sasa narudi kwa mwenzako. Akisubiri dalili, kwanza zitamkuta na kipindi cha kusubiri mbele yake. Pili, ugonjwa wake utakuwa na tarehe iliyotangulia mkataba, basi utaachwa nje au utaongezewa ada. Tatu, ajali haitumi dalili. Wewe una miaka 38, na kama huna ugonjwa sugu leo, fomu yako ya leo ni safi kuliko utakayojaza ukiwa na 45. Presha itakayoanza mwaka wa tatu ndani ya bima hulipwa kama ugonjwa mpya, ilimradi hujakatisha.

Hapo kwenye kukatisha kuna shimo moja ambalo watu wanaolipa vizuri kwa miaka hutumbukia. Mkataba ukiisha tarehe 30 Juni nawe ukalipa tarehe 25 Julai, kwa kampuni nyingi wewe ni mteja mpya: kusubiri kunaanza upya, fomu inajazwa upya, na presha ya mwaka wa tatu sasa ni ugonjwa uliokuwa nao kabla. Wanafanya hivyo kwa sababu anayetoka na kurudi hawawezi kumtofautisha na yule aliyetoka akiwa mzima na kurudi akiwa mgonjwa. Kabla ya kusaini, uliza ni siku ngapi za neema zinaruhusiwa baada ya mwisho wa mkataba, na kama matibabu ndani ya siku hizo yanalipwa. Hakikisha pia wakala na kampuni yake wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na ada uilipe kwenye akaunti ya kampuni, usimpe mtu mkononi. Kwa biashara yako ambayo fedha huingia kwa msimu, chagua tarehe ya kuanza inayofanya malipo ya mwaka yaangukie miezi ambayo watu wanajenga. Ukikata wakati wa kiangazi, mwakani ankara itakukuta kiangazi, duka likiwa na hela.